Nimemsifia mwanangu juhudi muhula mzima, hesabu bado sita juu ya kumi

#1 MamaWawili_Kiboriloni

Habari zenu wakuu. Naomba mnivumilie, nitaandika kirefu kidogo.

Mwezi wa pili tuliitwa kikao cha wazazi shuleni kwa mtoto wangu (shule siitaji, ipo hapa hapa Moshi). Akaletwa mtoa mada, akatufundisha habari za mtazamo wa kukua, yaani kuamini kwamba uwezo wa mtoto unaweza kuongezeka. Nilichotoka nacho ni hiki: usimwambie mtoto "una akili", msifie juhudi. Akisema "siwezi", mwambie "hujaweza bado". Nikaona mbona hili jambo rahisi, halina hata gharama.

Nimefanya muhula mzima. Nikishafunga meza yangu sokoni narudi nyumbani, nakagua daftari, nasema "umejitahidi sana baba". Nikamnunulia daftari la ziada, kila jioni anapiga hesabu kumi za kutoa kabla ya kula. Yuko darasa la tatu na uvivu hana kabisa, ukimkataza anapiga kwa kujificha.

Majaribio manne ya kutoa: sita juu ya kumi, sita, tano, sita. Ripoti ikaja imeandikwa "Amejitahidi, aongeze bidii." Bidii ipi tena? Kilichoniuma zaidi ni juzi ameniambia, "Mama, kumbe mimi ni wa kujitahidi tu." Sikuwa na jibu.

Swali langu: nilielewa vibaya, au tulidanganywa?

---

#2 Chalii_UngaLtd

Fimbo dada. Sisi tulifundishwa na fimbo na chenji tunahesabu. Haya mambo ya kusifia sifia ndiyo yanaharibu watoto.

---

#3 KochaMaisha

Dada yangu, umekata tamaa mapema. Huu si uongo, ni utafiti wa Profesa Carol Dweck wa Stanford. Alichukua watoto, kundi moja akalisifia akili na lingine akalisifia juhudi, halafu akawapa mtihani mgumu. Waliosifiwa juhudi wakapanda, waliosifiwa akili wakashuka. Kwa hiyo dawa unayo tayari, endelea nayo na uongeze kipimo. Ubongo ni kama msuli, ukiufanyisha kazi unakua. Muhula mmoja ni mdogo sana.

---

#4 KukuWaKienyeji_Sakina

Mtazamo ndiyo kila kitu! Mimi nilianza na vifaranga 20, vikafa 14, watu wakanicheka. Leo nina banda la kuku 300 hapa Sakina. Ningekuwa na mtazamo mbovu ningeacha. Mwambie mtoto asikate tamaa.

---

#5 Mwl_Mstaafu_Marangu

Mama Wawili, pole na shughuli. Nilifundisha hisabati shule za msingi miaka thelathini na moja, na haya mambo ya Dweck nimeyasoma kwa sababu hata sisi tulipelekwa semina. Tuanze na Kocha hapo juu, maana nusu ya anachosema ni kweli na nusu iliyobaki ndiyo inayoumiza wazazi.

Utafiti anaouzungumzia ni wa Claudia Mueller na Carol Dweck, mwaka 1998. Watoto wa darasa la tano walipewa mafumbo ya maumbo, yale ya kutafuta umbo lipi linakamilisha mchoro. Mafumbo ya kwanza yalikuwa ya kadiri. Kila mtoto akaambiwa umefanya vizuri, umepata alama za juu. Halafu ndipo wengine wakaongezewa "lazima una akili" na wengine "lazima ulijitahidi". Baadaye wakapewa magumu ambayo wote walichemka, kisha wakarudishiwa ya kadiri kama ya mwanzo. Hapo ndipo tofauti ilipoonekana: waliosifiwa akili walishuka kuliko mwanzo, waliosifiwa juhudi walipanda.

Sasa angalieni mambo mawili. La kwanza, sifa ya juhudi ilitolewa baada ya mtoto kufaulu. Haikuwa pole ya kukosa. La pili, njia ya kufumbua yale mafumbo watoto walikuwa nayo tayari, wameshaonyesha wanaweza. Kilichopimwa ni kama mtoto akianguka atainuka au atakata tamaa. Hakuna mtoto aliyeingia hajui kitu akatoka anakijua kwa sababu alisifiwa.

Mtoto wako hana shida ya kukata tamaa, ndiyo maana anapiga hesabu kwa kujificha. Unampa dawa ya ugonjwa asio nao. Na Dweck mwenyewe aliandika mwaka 2015 akilalamika kwamba watu wameigeuza hoja yake kuwa kusifia juhudi tu, na kwamba sifa hiyo inatolewa kama kifuta machozi kwa mtoto ambaye hajifunzi. Alisema juhudi ni njia ya kufika kwenye kujifunza, na kwamba mtoto anahitaji pia mbinu mpya na msaada wa mtu anapokwama. Semina nyingi huishia kwenye sentensi ya kwanza.

Naomba jambo moja: tuandikie hapa hesabu zenyewe alizopiga jana, na majibu yake kama alivyoyaandika. Alama sizitaki, nataka majibu.

---

#6 DenteWaMoshi

Shikamoo wakubwa. Mimi niko kidato cha tatu. Naomba niseme kitu ambacho walimu hawajui. Darasani kwetu mwalimu akikwambia "umejitahidi" kila mtu anajua maana yake. Wale vichwa hawaambiwi wamejitahidi, wanaambiwa "vizuri" basi, au wanaulizwa swali gumu zaidi. "Umejitahidi" ni ya wale walioshindikana. Nilipata 31 ya fizikia nikaambiwa nimejitahidi, na wala sikuwa nimesoma.

---

#7 Mwl_Mstaafu_Marangu

Marahaba mwanangu, na asante. Umesema jambo ambalo Mjerumani mmoja, Wulf-Uwe Meyer, alilichunguza miaka mingi nyuma. Mtu mzima au kijana akisifiwa kwa kazi nyepesi hupiga hesabu kichwani: huyu ananisifia kwa hiki, basi ananiona uwezo wangu mdogo. Watoto wadogo sana hawafiki huko, wao sifa ni sifa tu. Sasa huyu wa Mama Wawili ameshasema "mimi ni wa kujitahidi tu". Ameanza kupiga hiyo hesabu.

---

#8 MamaWawili_Kiboriloni

Mwalimu shikamoo. Nimechukua daftari, naandika kama lilivyo. Nimeruka tatu rahisi alizopata.

```
564 - 231 = 333   (pata)
782 - 358 = 424   (pata)
503 - 267 = 206   (kosa)
945 - 678 = 267   (pata)
702 - 345 = 307   (kosa)
804 - 129 = 605   (kosa)
600 - 254 = 306   (kosa)
```

Nikiangalia naona anapata ngumu (hiyo 945 unakopa mara mbili) halafu anakosa za kawaida. Mimi nilidhani ni kukosa umakini, ndiyo maana nilikuwa namwambia ongeza umakini.

---

#9 Chalii_UngaLtd

Mbona majibu yote ya kukosa yana sifuri katikati? 206, 307, 605, 306. Au ni macho yangu.

---

#10 Mwl_Mstaafu_Marangu

Chalii, na fimbo yako yote umeona kabla yangu. Hongera, na leo nakusifia macho.

Mama Wawili, huyo mtoto hakosi umakini. Ni makini kuliko unavyodhani, kwa sababu anafuata kanuni moja bila kuyumba. Tatizo kanuni yenyewe ni mbovu. Tuchukue 503 kutoa 267. Mamoja: tatu haitoi saba, anakwenda kukopa. Jirani ni sifuri, hana kitu, basi anamruka na kukopa kwa tano. Tano inabaki nne, tatu inakuwa kumi na tatu, kutoa saba ni sita. Sawa. Anakuja makumi: sifuri kutoa sita. Anajiambia sifuri haina kitu, kwa hiyo jibu ni sifuri. Mamia: nne kutoa mbili ni mbili. Anaandika 206.

Rudia mwendo huo kwenye 702, 804 na 600, utapata majibu yake yale yale, tarakimu kwa tarakimu. Ndiyo maana alama zake ni sita kila mara. Kwenye hesabu kumi za mwalimu, nne zina sifuri katikati. Siku alipopata tano nadhani zilikuwa tano.

Hili lina historia. Mwaka 1978 Wamarekani wawili, John Seely Brown na Richard Burton, walichambua maelfu ya hesabu za kutoa za watoto wa shule, wakakuta makosa mengi si ya kubahatisha. Mtoto ana kanuni yake na anaifuata kwa uaminifu. Haya mawili ya mwanao, kuruka sifuri wakati wa kukopa na kusema sifuri kutoa chochote ni sifuri, yote yamo katika orodha yao.

Sasa fikiria daftari la ziada. Hesabu kumi kila jioni, muhula mzima. Kila hesabu yenye sifuri amefanya mazoezi ya kukosea, na juu yake amepata "umejitahidi sana". Ameshakuwa fundi wa hiyo kanuni. Nasema hivi bila kukulaumu, maana na mimi nimewahi kuandika "aongeze bidii" kwenye ripoti za mamia ya watoto ambao sikuwahi kuwauliza wamepataje jibu.

Kesho fanya hivi. Mpe 503 kutoa 267, kaa kimya, mwambie apige kwa sauti, kila hatua aseme. Usimsahihishe. Hakikisha kwanza kwamba ndivyo anavyofanya, kwa sababu mimi niko Marangu nabashiri kwa kuangalia majibu. Kama ni hivyo, toa pesa zako za meza. Noti tano za elfu kumi, elfu moja moja usiweke hata moja, na sarafu tatu za mia. Hiyo ni 50,300. Mwambie akupe 26,700 kwa noti na sarafu za aina hizo tatu tu. Mwache ahangaike. Asiziruke zile buku ambazo hazipo.

---

#11 Takwimu_Njiro

Nimefuatilia uzi kimya kimya, naomba niongeze maji kwenye pombe. Mimi nasomea saikolojia. Mnamjadili Dweck kana kwamba tatizo ni walimu kumwelewa vibaya. Hata ukimwelewa vizuri, faida yenyewe ni ndogo. Utafiti mkubwa wa David Yeager na wenzake wa mwaka 2019 ulihusisha wanafunzi kama 12,000 wa sekondari katika shule 65 za Marekani. Walipewa somo fupi la kompyuta, halifiki saa moja. Wale wenye alama za chini walipanda kwa wastani wa sehemu moja ya kumi ya pointi, kwenye kipimo kinachoishia pointi 4.3. Mwaka huo huo Uingereza walitoa ripoti ya jaribio lao kwenye shule za msingi, walimu wakiwa wamefundishwa mada hiyo, na watoto hawakusonga hata hatua moja zaidi ya wenzao. Sasa kwa nini tusiseme wazi kwamba ni hewa?

---

#12 KochaMaisha

Takwimu, unawavunja watu moyo. Sehemu ya kumi kwa saa moja ni ndogo? Wewe umewahi kumpandisha mtoto alama kwa saa moja ya kompyuta?

---

#13 Mwl_Mstaafu_Marangu

Kwenye hilo Kocha ana hoja. Kwa saa moja isiyo na gharama, na kwa watoto waliokuwa nyuma, si hewa. Lakini Takwimu naye hakosei, kwa sababu semina zetu hazikuahidi sehemu ya kumi, ziliahidi miujiza. Na katika utafiti huo huo wa Yeager, faida ilionekana zaidi kwenye shule ambazo wanafunzi wenzao wanaona kuchagua kazi ngumu ni jambo la kawaida. Mtoto akiamini anaweza kukua, halafu akakaa mahali ambapo hakuna wa kumwonyesha alipokwama, imani hiyo ataifanyia nini? Mimi nasema ni mbegu. Takwimu anasema ni hewa. Tukutane hapa baada ya miaka kumi.

---

#14 Takwimu_Njiro

Mbegu isiyoota bila mbolea, maji, mkulima na mvua, mwalimu, tunajuaje kwamba kilichofanya kazi si mbolea? 😄 Mtoto wa mama hapa atasaidiwa na kuonyeshwa kosa la kukopa. Dweck hatakuwa amefanya chochote.

---

#15 MwlBadoKazini

Jamani na sisi tulio darasani mtuonee huruma. Nina watoto 94 kwenye chumba kimoja. Nikisahihisha hesabu kumi kumi ni 940 kwa siku. Naweka pata, naweka kosa, naandika sita juu ya kumi, nakwenda. Huo muda wa kumsikiliza mmoja akipiga kwa sauti nautoa wapi?

---

#16 Mwl_Mstaafu_Marangu

Huutoi kokote, mwenzangu, najua. Mimi nilikuja kufanya ujanja mmoja miaka ya mwisho: nilipunguza hesabu kutoka kumi hadi tatu, lakini nazichagua. Moja isiyo na kukopa, moja ya kukopa mara moja, moja yenye sifuri katikati. Halafu sisahihishi kwa daftari, napitia jibu la ile ya tatu tu kwa darasa zima. Walioandika 206 nawakusanya pembeni. Walioandika 364, wale wanaotoa ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu, kundi lingine. Kwa 94 bado ni kazi, sikudanganyi, na kuna watoto walionipita.

---

#17 MamaWawili_Kiboriloni

Nimerudi wakuu. Jana jioni nilifanya kama mwalimu alivyosema.

Amepiga kwa sauti. Alipofika kwenye sifuri akasema, neno kwa neno, "huyu hana kitu, tunamwacha, tunaenda kwa tajiri." Akakopa kwa tano. Kurudi kwenye makumi akasema "hana kitu, kwa hiyo hatoi kitu", akaandika sifuri. Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Muhula mzima mtoto anafanya hivyo mbele yangu na mimi nasema umejitahidi.

Nikatoa pesa. Noti tano nyekundu, sarafu tatu. Nikamwambia nipe elfu ishirini na sita na mia saba. Akatoa nyekundu mbili haraka. Akatafuta buku sita, hakuna. Akakaa. Akasema "mama, niende dukani nikavunje." Nikamwambia mimi ndiyo duka. Akanipa nyekundu moja, nikampa buku kumi. Akanihesabia buku sita. Zikabaki nne. Sasa mia saba, ana sarafu tatu. Akanipa buku moja, nikampa sarafu kumi. Akatoa saba. Akahesabu zilizobaki mkononi: nyekundu mbili, buku tatu, sarafu sita. Nikamwambia andika. Akaandika 236, akaangalia 206 yake ya juzi, akasema "kumbe ile sifuri inalala na noti za watu."

Sasa kosa jipya. Leo asubuhi nimempa tano zenye sifuri, kapata tatu. Mbili amekosa kwa namna nyingine: 503 kutoa 267 aliyorudia kwenye karatasi ameandika 246. Nimeshindwa kuelewa, maana kwa pesa alipata.

---

#18 Mwl_Mstaafu_Marangu

Hilo kosa ni habari njema, ingawa halionekani hivyo. Amevunja mia moja akapata makumi kumi, halafu akasahau kwamba mojawapo ya hayo kumi nalo limevunjwa kwenda kwa mamoja. Kwa hiyo katikati ameacha kumi badala ya tisa, na kumi kutoa sita ni nne. Kwa pesa hawezi kusahau kwa sababu buku imemtoka mkononi. Kwenye karatasi hakuna kinachomtoka. Mwambie aandike juu ya sifuri kumi, akate, aandike tisa. Akate kweli, kwa kalamu.

Na mfundishe kujikagua: jibu alilopata ajumlishe na alichotoa. 246 na 267 ni 513, haikurudi 503, basi kuna kitu. 206 na 267 ni 473, iko mbali zaidi. Akishakuwa na hiyo, hakusubiri wewe wala mwalimu kumwambia pata au kosa.

Kuhusu kumsifia, kwa kuwa ndiyo ulichouliza. Nyamaza kidogo. Ukiona kitu alichokifanya, kitaje hicho: "umejumlisha ukaona haikurudi, ukarudi mwenyewe kutafuta." Kama hakuna, muulize tu "umepataje?" na umuulize hivyo hata kwenye alizopata, asije akaona swali hilo ni la kukosa.

---

#19 Chalii_UngaLtd

Mwalimu, mimi fimbo sijaifuta, ila "tunaenda kwa tajiri" imenimaliza. Huyo mtoto atakuwa afisa mikopo.

---

#20 KukuWaKienyeji_Sakina

Samahani wakuu, mimi nilidhani uzi ni wa ujasiriamali. Ila nimesoma hadi mwisho, na vile vifaranga vyangu 14 vilikufa kwa sababu sikuwachanja kideri. Kundi la pili nilichanja.

---

#21 MamaWawili_Kiboriloni

Asanteni. Jioni hii nimemuuliza "umepataje?" kwenye hesabu aliyopata, akaniangalia kwa wasiwasi, akafuta jibu sahihi. Mwalimu, hilo la kuuliza hata kwenye alizopata naona litachukua muda.

Na dada yake wa darasa la tano naye kaleta daftari la kugawanya. Ameandika 612 gawanya kwa 6 ni 12. Nimemwachia kwanza apige kwa sauti, maana na hapo naona kuna sifuri mtu kaiacha njiani.